Karatasi Iliyouliza Maswali Sita Isijibu Hata Moja



Katika toleo hili twapenda kusema juu ya jambo ambalo wengine wenu wataliona dogo, nalo ni alama mbili za uandishi: alama ya kuuliza na alama ya mshangao. Hatulisemi kwa kupenda ualimu. Twalisema kwa sababu limetupotezea mnunuzi, na waliokosea ni sisi wenyewe hapa ofisini.

Kama mjuavyo, karafuu ya magunia haina haja ya tangazo. Huenda kituoni, ikatazamwa, ikapangiwa daraja, ikapandishwa mizani, na bei yake imekwisha julikana. Maneno hayaongezi kitu hapo. Lakini zile paketi ndogo ambazo Chama kinaziuza kwa kibali kwa wenye maduka, hizo zahitaji maneno. Mwenye duka aliye Bara hawezi kutia mkono guniani akanusa. Kwanza huiona karatasi yetu, kisha huamua kama ataiona karafuu yenyewe. Karatasi basi ndiyo mjumbe wetu, na mjumbe huyo husafiri peke yake.

Hii ndiyo karatasi tuliyoipeleka mara ya kwanza. Twaitoa hapa nzima, bila ya kuificha aibu yake:

"Je, unatafuta karafuu bora? Umefika! Nani asiyeijua karafuu ya Pemba? Karafuu bora duniani!!! Je, umechoka na karafuu zisizo na harufu? Sasa basi! Kwa nini ulipe zaidi? Je, hutaki wateja wako warudi tena? Unasubiri nini? Agiza leo! Usikose!! Karafuu ya Pemba ndiyo yenyewe!"

Tulipoiandika tuliiona nzuri. Tulifuata mtindo wa matangazo tunayoyaona kila siku ukutani na kuyasikia redioni. Baada ya wiki mbili ikaja barua kutoka kwa bibi mmoja mwenye duka la viungo Dar es Salaam. Ilikuwa fupi, na adabu yake ilituchoma zaidi kuliko matusi. Aliandika hivi: "Ndugu Katibu, salamu. Nimeipata karatasi yenu. Mmeniuliza nasubiri nini. Nasubiri kujua karafuu hii ni ya msimu gani, imekauka kiasi gani, na paketi moja ina uzito gani. Nikishajua hayo tutasemezana." Barua hiyo ilikaa mezani siku nne tukitafuta majibu, na tulipomjibu alikuwa amekwisha agiza kwa wengine.

Tukaichukua karatasi yetu, tukaihesabu kama tuhesabuvyo magunia. Ina maneno 42. Ina maswali 6. Ina alama za mshangao 9. Haina nukta hata moja. Maana yake ni kuwa kila baada ya maneno matatu au pungufu yake tulimpigia msomaji kelele au tulimhoji, na katika maneno hayo yote hakuna mahali tulipomwambia jambo moja ambalo angeweza kulipima.

Tuanze na maswali. Waandishi wa vitabu vya lugha huyaita maswali ya balagha, yaani maswali yasiyotaka jibu. Mtu akikuuliza, "Nani asiyeijua karafuu ya Pemba?" hataki umtajie majina. Anasema kuwa watu wote waijua, ila amelivisha neno lake kanzu ya swali. Hapo ndipo ilipo hatari yake. Msemaji wa swali la namna hii hudai jambo bila ya kulidhamini. Ukimshika atasema, "Mimi niliuliza tu."

Dawa yake tumeiona katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina tabia moja ambayo si kila lugha inayo. Swali lisilo na neno la kuulizia halibadili mpango wa maneno. "Karafuu imekauka" na "Karafuu imekauka?" ni maneno yale yale, kwa mpango ule ule. Kwa mdomo twatofautisha kwa sauti, na kwa kalamu twatofautisha kwa alama tu. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili akitaka kuyapima maswali yake ana njia nyepesi: aifute alama ya kuuliza, na lile "Je" la mbele, aweke nukta, kisha asome. Swali lenye "nani" au "kwa nini" aligeuze liwe kauli inayosema wazi kile kilichofichwa. Halafu ajiulize kama yu tayari kuitia sahihi kauli hiyo.

Tulifanya hivyo kwa maswali yote sita. La kwanza likawa, "Unatafuta karafuu bora." Hii ni habari ya msomaji, wala si habari yetu, na yeye anaijua kuliko sisi. Ikaondoka. La pili likawa, "Hakuna asiyeijua karafuu ya Pemba." Hii si kweli. Wako watu wengi wanaotia karafuu katika pilau yao wasijue imetoka Pemba, Madagaska au Indonesia. Ikaondoka nayo.

La tatu likawa, "Umechoka na karafuu zisizo na harufu." Hapa tuliona haya, maana tulikuwa tunamwambia mwenye duka kuwa bidhaa iliyomo dukani mwake ni mbovu, na hatujapata kuingia dukani mwake. La tano ni ndugu yake: "Hutaki wateja wako warudi tena." Maneno kama haya hatumwambii mtu barazani. Mgeni akifika hukaribishwa na kupewa maji kwanza, na wala hapokewi mlangoni kwa kuhojiwa kama ana akili ya biashara.

La nne ndilo lililotufundisha zaidi. "Kwa nini ulipe zaidi?" likigeuzwa huwa, "Karafuu yetu ni rahisi kuliko ya wengine." Tukatazama bei. Paketi yetu, gramu kwa gramu, ni ghali kuliko karafuu ya kupimwa kwa vikombe sokoni, kwa sababu imechambuliwa mara ya pili na kufungwa. Basi swali lile lilikuwa limebeba uongo, na sisi tulioliandika hatukuuona, kwa sababu swali halisomwi kama kauli. Hatukukusudia kudanganya. Tulikuwa tumelizoea neno tukaliandika bila ya kulifikiri. Mwandishi akiandika kwa nukta huusikia uongo wake mwenyewe mapema zaidi.

La sita, "Unasubiri nini?" mmekwisha ona lilivyojibiwa.

Sasa tuje kwenye alama za mshangao. Alama hii yamwambia msomaji apandishe sauti, na kazi yake ya haki ni pale ambapo hata mtu mpole angepandisha sauti: "Moto!" au "Tawi linavunjika, shuka!" Mchumaji aliye juu ya mkarafuu akisikia maneno hayo hatataka maelezo. Lakini "Agiza leo!" haina hatari ndani yake, na mtu anayeisoma kwenye kiti chake dukani hujiuliza kwa nini anapigiwa ukelele. Tena alama hii hupungua thamani kila ikiongezwa. Tulipoweka moja baada ya "Umefika", ikatubidi tuweke tatu baada ya "Karafuu bora duniani", kwa sababu moja ilikuwa imekwisha tumika. Zile tatu hazikuifanya karafuu iwe bora zaidi. Zilionyesha tu kuwa mwandishi mwenyewe ana shaka kama neno "bora" litatosha.

Wazee wetu waliopiga barua kwa taipureta za zamani wanakumbuka kuwa nyingi kati ya mashine zile hazikuwa na kidude cha alama ya mshangao. Aliyeitaka alipiga alama ya ritifaa juu, akarudisha mashine nyuma hatua moja, kisha akapiga nukta chini yake. Ilikuwa kazi ya mapigo matatu, na mtu hufikiri kabla ya kuifanya. Siku hizi ni kugusa mara moja, na wepesi huo umetuharibia mkono.

Wako watakaosema kuwa muuzaji lazima apige kelele, na watatutajia mnada wa samaki. Twakubali mnada una haki yake. Mnadi hupaza sauti kwa sababu watu ni wengi na samaki yuko mbele yao, amelazwa pale, macho na mashavu yake yaonekana. Kelele ya mnadi haichukui nafasi ya samaki. Karatasi haina samaki mbele yake. Ikipiga kelele hakuna kitu cha kutazama baada ya kelele, bali hubaki kelele peke yake.

Mwanachama mmoja alituletea hoja nzito zaidi. Alisema, "Bwana Katibu, mbona Sura ya Ar-Rahman imerudia swali moja mara 31, nalo ni swali lisilotaka jibu?" Ni kweli, na sisi hatulinganishi maneno ya Mola na karatasi ya kuuzia paketi. Lakini maadamu tumeulizwa, twasema tulichofundishwa chuoni. Swali lile halianzi sura. Linakuja mara ya kwanza katika aya ya 13, baada ya aya 12 zilizotaja neema moja moja: Kurani, kuumbwa kwa mtu, jua na mwezi, mizani, matunda na nafaka. Kwanza vimetajwa vitu, kisha ndipo swali likaja. Karatasi yetu ilianza na swali na haikutaja kitu kabla yake wala baada yake. Tena fungueni msahafu mtazame: mtaona alama za kusimamia na kuendelea, lakini hamtaona alama ya kuuliza wala ya mshangao. Nguvu yote imo katika maneno yenyewe.

Hali ni hiyo hiyo katika barua za biashara walizoandika babu zetu kwa herufi za Kiarabu. Aliyewahi kuzishika ajua jinsi zilivyo. Zaanza kwa salamu, kisha zasema kilichopelekwa, idadi yake, chombo kilichochukua, na bei. Hazina alama za mshangao, maana mwandiko ule haukuzitumia, na wala msomaji hazihitaji kujua kuwa mwandishi ajiamini. Ajiamini kwa sababu ameihesabu mali kabla ya kushika kalamu.

Hapo ndipo tulipotambua kosa letu lilipokuwa. Tulidhani sauti tulivu ni jambo la mtindo, tukifuta alama tutaipata. Tukafuta zote 15 na kuweka nukta, na karatasi ikabaki haina kitu. Tulitambua kuwa alama zilikuwa zimesimama mahali pa habari tusizokuwa nazo. Ili kuziondoa ilitubidi tuzitafute habari zenyewe, na kazi hiyo haikufanywa mezani bali ghalani.

Tulianza na maswali matatu ya yule bibi. La msimu lilikuwa jepesi, kwa kuwa daftari lipo: karafuu ile ni ya msimu wa 2024. La uzito tulidhani ni jepesi pia. Tulipopima paketi kumi kwenye mizani ndogo, mbili zilikuwa pungufu ya gramu 50 zilizokusudiwa. Tukazifungua zote tukazijaza upya, na sasa kila paketi hupimwa kabla ya kufungwa.

La ukavu lilichukua muda zaidi. Kwa kienyeji twajua karafuu iliyokauka ikikunjwa huvunjika kwa mlio, na isiyokauka hupinda. Lakini mnunuzi aliye mbali hawezi kuusikia mlio huo, anataka nambari. Kanuni ya kimataifa ya karafuu, ISO 2254, yataka unyevu usizidi asilimia 12. Ukizidi, karafuu iliyofungwa hushika ukungu. Tuliazima kipimo cha unyevu tukajaribu mafungu yetu matano. Manne yalikuwa chini ya 12, na moja likazidi. Fungu hilo tuliliwambia mwenyewe alianike tena siku mbili, na halikufungwa mpaka lilipopimwa upya. Fikirini, ndugu: lile tangazo la kwanza, pamoja na mishangao yake tisa, lilikuwa linauza fungu bichi na halijui.

Kisha tukataka kuandika kuwa karafuu yote ina vichwa. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Msiandike 'yote'. Vichwa hukatika njiani." Tukamwaga paketi moja mezani tukahesabu, na kweli tulikuta chache zimepoteza vichwa vyao. Tukaandika kama ilivyo.

Hii ndiyo karatasi ya pili:

"Karafuu ya Pemba, msimu wa 2024. Imechumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, ikachambuliwa, na ikakaushwa kwa jua juu ya majamvi, si barabarani. Unyevu wake umepimwa na hauzidi asilimia 12. Kila paketi ina gramu 50 za karafuu nzima bila ya makonyo. Vichwa vichache huweza kukatika safarini. Nitajuaje kuwa ni nzuri? Ibonye kwa ukucha, mafuta yatatoka. Bei za jumla zimeandikwa nyuma. Paketi yenye kasoro irejesheni, nasi tutaibadilisha."

Mtaona tumeacha swali moja. Hatukuliacha kwa kusahau. Hilo ni swali ambalo mnunuzi hutuuliza kweli, na limejibiwa pale pale, katika sentensi inayofuata, kwa jambo analoweza kulifanya mwenyewe kwa ukucha wake. Swali la namna hii halina ubaya wowote. Hatukusudii kuifukuza alama ya kuuliza katika Chama. Kusudi letu ni kuwa kila swali liwe na jibu lake karibu.

Mtaona pia kuwa neno "bora" halimo, wala "duniani". Indonesia hutoa karafuu nyingi kuliko sisi, na hatujapata kuziweka zote mbili meza moja tukazipima. Siku tutakapofanya hivyo tutaandika tulichokiona. Na ile sentensi ya vichwa kukatika, ambayo wengine katika kamati waliiogopa, ndiyo ambayo yule bibi aliitaja katika barua yake ya pili. Alisema mtu anayeeleza kasoro yake kabla ya kuulizwa huaminika katika mengine. Aliagiza paketi 40 za kujaribia, na swali lake lilikuwa moja tu, la nauli ya boti.

Hatutaki mfikiri kuwa nukta ina uganga. Uongo ulioandikwa kwa utulivu ni mbaya kuliko uongo wa kelele, kwa sababu wasadikiwa upesi. Tukiandika "asilimia 12" na paketi ikafunguliwa ina ukungu, hakuna mshangao wa kujificha nyuma yake. Sauti tulivu ni ahadi, na ahadi hiyo hailindwi na katibu peke yake. Hulindwa na kila mwanachama juu ya jamvi lake, jioni mawingu yanapokusanyika na yeye ameshachoka, akaamua kuianua karafuu au kuiacha.

Kwa hiyo twaomba, kila mwenye fungu la paketi msimu ujao alilete pamoja na kijikaratasi chenye mambo manne: tarehe ya kuchuma, siku ngapi iliwekwa juani, imeanikwa juu ya nini, na kama ilipata mvua. Jambo hilo la nne andikeni hata likiwa baya, maana fungu lililonyeshewa laweza kuanikwa tena likiwa tumejulishwa mapema. Tukiwa na manne hayo, maneno ya karatasi hayatatuchukua nusu saa kuyaandika.

Karatasi ya kwanza tumeibandika ukutani ofisini, juu ya meza ya kuandikia. Mwanachama atakayepita na aisome.

Katibu wa Chama